Wifi anauliza dola 263 za Dubai zilikwenda wapi

*Shikamoo Anti,*

*Nina duka la vitambaa vya mabuibui Kariakoo, Mtaa wa Congo, kwa ubia na wifi yangu, dada wa mume wangu. Mwezi uliopita kila mmoja alitoa dola 2,200, tukaziweka kwenye akaunti ya dola iliyo kwa jina langu, nami nikaenda Dubai kufuata mzigo.*

*Siku ya kwanza, pale Deira, kadi ilikataa mara mbili mbele ya watu. Sikuwa nimeiambia benki kwamba nasafiri, na laini yangu ya Tanzania haikusoma kule. Nilirudi hotelini nikalia. Kesho yake mume wangu alikwenda tawini, wakamwambia wanataka wanisikie mimi mwenyewe. Nikawapigia kwa simu ya mapokezi ya hoteli, wakanihoji, ndipo wakaifungua.*

*Jioni nikarudi dukani. Keshia akaingiza dirhamu 14,690. Kwenye kioo cha mashine ikaja mistari miwili, mmoja wa dirhamu, mwingine wa dola. Akaniuliza, "Dola? Hela yako ni dola, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Nilichokuwa natamani ni kusikia mashine inatoa karatasi tu. Sikumbuki kama alibonyeza yeye au nilibonyeza mimi.*

*Stetimenti inaonyesha dola 4,180.00, na chini yake 83.60. Wifi amewahi kwenda Dubai, anaijua dirhamu. Akapiga hesabu kwenye simu, mzigo ukaja dola 4,000. Akaniuliza, "263 na senti zake ziko wapi?" Hajanitamkia neno mwizi, lakini ameacha kula kwangu, na mama mkwe ameshasikia. Safari ijayo anataka aende yeye, na pesa taslimu. Mume wangu anasema nirudishe hizo hela kimya kimya, yaishe. Sina la kujitetea, maana hata mimi sijui zilikokwenda. Nifanyeje, Anti?*

*Mwenye Aibu, Tabata*

Marahaba mwanangu.

Tafuta ile karatasi ndogo iliyotoka kwenye mashine. Sisemi ile risiti ya duka yenye orodha ya vitambaa, nasema ile nyembamba inayofifia maandishi. Kama bado unayo, ipige picha leo hii kabla wino haujapotea. Nimekaa dawati la kadi la benki miaka mingi kabla ya kushika safu hii, na naweza kukuambia karibu yote yaliyoandikwa humo bila kuiona. Kuna mstari wa AED 14,690.00. Kuna mstari wa USD 4,180.00. Katikati yake kuna namba yenye nukta na tarakimu nyingi, kitu kama 1 AED = 0.284547 USD. Huenda kuna pia sentensi ya Kiingereza kwa herufi ndogo sana, inayosema kwamba ulipewa nafasi ya kuchagua sarafu na ukachagua hii. Hela za wifi yako ziko kwenye hiyo namba ya katikati.

Dirhamu ya Falme za Kiarabu haielei kama shilingi yetu. Tangu 1997 imefungwa kwa dola: dola moja ni dirhamu 3.6725. Ndiyo maana wifi yako alipata jawabu haraka vile, na hesabu yake ni sahihi kabisa. Gawanya 14,690 kwa 3.6725, utapata dola 4,000 kamili. Sasa geuza namba ya kwenye karatasi. Ukigawanya 1 kwa 0.284547 unapata dirhamu 3.5144 hivi kwa dola. Mashine ilikununulia dirhamu kwa bei iliyo mbali na ile ambayo kila mtu Deira anaijua, na tofauti hiyo ni asilimia 4.5. Asilimia 4.5 ya dola 4,000 ni dola 180. Hizo ndizo zilizogeuza 4,000 kuwa 4,180, na zilikatwa papo hapo kaunta, kabla benki yako ya Dar haijagusa chochote.

Mashine ilijuaje kama una dola? Tarakimu za mwanzo za kadi yako zinatambulisha benki iliyoitoa, nchi yake na sarafu yake. Mashine ikishazisoma inaona ni kadi ya mgeni, ndipo inapoleta ile mistari miwili. Ukichagua sarafu ya kwenu, ubadilishaji unafanywa na kampuni inayohudumia mashine ya lile duka, kwa bei inayojipangia yenyewe. Faida yake hugawanywa kati ya kampuni hiyo, benki ya mwenye duka na mara nyingi mwenye duka pia. Kwa hiyo keshia anapokuuliza "Dola?" kwa sauti ya ukarimu, huenda hana nia mbaya, pengine ndivyo alivyofundishwa kuuliza. Lakini swali lenyewe lina bei.

Ukichagua dirhamu, ubadilishaji unafanyika upande wetu. Duka linadai dirhamu 14,690, dai linapita kwenye mtandao wa Visa au Mastercard, ule ambao nembo yake iko kwenye kadi yako, na mtandao unatumia bei yake ya siku. Bei hizo zinatangazwa kwenye tovuti zao na yeyote anaweza kuziangalia. Kwa sarafu iliyofungwa kama dirhamu, ungekuta dola 4,000 na kitu kidogo juu yake.

Kuna utetezi mmoja wa ule mstari wa dola, nao ni kwamba unajua palepale utakatwa kiasi gani, hungoji stetimenti. Kwa mwenye kadi ya shilingi anayelipa kwa lira ya Uturuki, naelewa kwa nini linamvutia, ingawa bei yake bado ni kubwa. Kwako wewe, mwenye dola mbele ya dirhamu, uhakika huo ulikuwa nao bure tangu mwaka 1997.

Sasa ile 83.60. Igawanye kwa 4,180, utapata asilimia 2 kamili. Hiyo ni ada ya benki yako kwa muamala wa nje ya nchi, na imeandikwa kwenye jedwali la ada lililobandikwa tawini na kuwekwa kwenye tovuti yao. Wengi hushangaa: nimelipa kwa dola, akaunti ni ya dola, ada ya nini tena? Kwa sababu benki nyingi haziangalii sarafu peke yake, zinaangalia duka liko wapi. Duka liko Dubai, muamala ni wa nje, hata kama karatasi imeandikwa dola. Kuchagua dola hakukukuondolea ada hiyo. Kuliiongeza kidogo, maana asilimia 2 ilipigwa juu ya 4,180 badala ya 4,000. Ungelipa kwa dirhamu, ada ingekuwa dola 80.

Kwa hiyo zile 263.60 zina sehemu tatu. Dola 80 ni gharama ya kutumia kadi hii nje ya nchi, na angeilipa wifi yako, na ningeilipa mimi, hata tungebonyeza kitufe kilicho sahihi. Dola 180 ni za ubadilishaji wa kaunta. Dola 3.60 ni ada iliyopanda juu ya zile 180. Unaposema huna la kujitetea, naona umezibeba zote tatu kama kosa lako. Angalia tena. Ile 80 ni kama nauli ya mzigo, inaingia kwenye gharama za biashara na kwenye bei ya kitambaa. Linalohusu kitufe ni dola 183.60, na kwa kuwa mlichangia sawa, fungu la wifi humo ni dola 91.80.

Kuna jambo jingine kwenye barua yako ambalo sikutaka nilipite. Umeandika kukataliwa kwa kadi kama mkosi wa siku ya kwanza, na kitufe kama kosa la siku ya pili. Mimi naona ni jambo moja. Mtu aliyeaibishwa jana mbele ya foleni hasomi kioo leo. Anataka karatasi itoke. Nimeshawasikiliza wateja wengi waliobonyeza vile, na karibu kila mara kulikuwa na kitu kilichowaharakisha.

Kadi nyingi za hapa hukaa zimefungwa kwa matumizi ya nje mpaka mwenyewe aombe, na hata iliyo wazi inaweza kuzuiwa na mitambo ya ulinzi wa wizi ikiona jana umenunua sukari Tabata na leo unalipa maelfu Deira. Kuiarifu benki ni kazi ya dakika kumi, ila iwe kamili. Wape nchi zote utakazokanyaga, pamoja na ile ya kubadilishia ndege, kwa sababu ukinunua chai Addis Ababa nayo ni muamala wa nje. Wape tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na siku mbili za ziada. Waulize kiwango cha juu cha malipo kwa siku kwenye mashine za madukani, maana kadi inaweza kuwa wazi kabisa lakini ikagomea dola 4,000 kwa kuwa kikomo ni kidogo kuliko hapo. Hakikisha namba ya simu waliyonayo itashika mtandao ule uendako, na uwashe huduma hiyo ukiwa bado Dar. Andika kwenye daftari namba ya benki ya kupigiwa kutoka nje, ile inayoanza na +255, kwa sababu namba fupi za bure hazipatikani ukiwa kule. Usiondoke tawini bila ujumbe au barua pepe inayothibitisha.

Hata hivyo taarifa si hirizi, kadi inaweza kukataa bado. Ikikataa, omba karatasi ya kukataliwa uangalie namba iliyomo. Mara nyingi 51 maana yake salio halitoshi, 61 umepita kikomo, 57 kadi hairuhusiwi kwa muamala wa aina hiyo, na 55 umekosea namba ya siri. Ukiipigia benki ukawatajia namba hiyo, mazungumzo yanakuwa mafupi. Vilevile, usiifanye dola 4,000 kuwa malipo yako ya kwanza nje ya nchi. Nunua maji uwanja wa ndege kwa kadi. Yakipita, umeshajua njia iko wazi, na pengine umeshauona ule mstari wa sarafu mbili ukiwa umetulia.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako.

Mume wako anataka amani, namwelewa, yeye yuko kati ya dada na mke. Lakini kurudisha 263.60 kimya kimya, au 131.80 za fungu la wifi, kuna hatari ambayo huenda hajaiona. Hela inayorudi bila maelezo huonekana kama hela iliyokuwa mahali. Na safari ijayo benki itakata tena asilimia 2, kwa sababu ni lazima ikate. Utarudisha tena? Kama moyo wako unakuambia ulipe sehemu, hakuna anayeweza kukukataza, lakini iwe sehemu yenye jina. Dola 91.80 ukisema "hizi ni za kitufe" ni tofauti na 131.80 zisizosemwa. Wapo pia wabia ambao wangesema hasara ya safari ni ya wote wawili, kama mzigo ungelowa bandarini. Ninyi mlikubaliana nini kuhusu hasara siku mnaanza? Hukuniandikia, na ninadhani huenda hamkuwahi kuzungumza.

Kuna kulalamika benki. Hapa inabidi ujihoji kwa ukweli. Kanuni za mitandao ya kadi zinadai mteja aonyeshwe kiasi kwa sarafu zote mbili, aone bei ya ubadilishaji, na achague mwenyewe. Keshia haruhusiwi kumchagulia. Mteja aliyechaguliwa bila ridhaa anaweza kuiomba benki yake ipinge muamala, na kwa Visa lipo fungu kabisa la pingamizi kwa sarafu isiyo sahihi, namba 12.3. Lakini wewe uliulizwa ukasema ndiyo, na huenda karatasi ina ile sentensi kwamba ulichagua. Kama kweli hukumbuki kidole kilikuwa cha nani, andika hivyohivyo, usiongeze neno. Ambatanisha picha ya karatasi na risiti ya duka, na uwahi, kwa sababu madai haya yana muda wake na siku zinahesabiwa tangu muamala. Sitakuficha: mashauri ya namna hii yakiwa na karatasi yenye sentensi ile, mengi niliyaona yakirudi bila kitu. Huenda usipate hela, ila utapata majibu ya maandishi ya benki yanayotenganisha 180 na 83.60. Kwa wifi, karatasi hiyo inaweza kuwa na uzito kuliko maneno yako na yangu.

Njia iliyokuwa rahisi kuliko zote imeshapita, lakini ijue kwa ajili ya kesho. Ukiona karatasi imetoka na dola, usiondoke kaunta. Mwambie keshia afute muamala na aurudie kwa dirhamu. Mradi mashine haijafunga hesabu za siku, inawezekana. Jiandae tu kwamba benki inaweza kuzishikilia hela za muamala wa kwanza kwa siku kadhaa huku wa pili nao ukihitaji salio. Kwa akaunti yenu ya dola 4,400 hilo lingekuwa tatizo, ungebaki na mzigo kaunta na salio limefungwa. Kwa hiyo kitufe kinasomwa kabla ya namba ya siri, si baada yake. Chagua AED. Kwenye ATM nako ni hivyohivyo: ikikuuliza kama unakubali ubadilishaji wao, ukikataa muamala haufi. Unaendelea, hela zinatoka, na benki yako ndiyo inayobadilisha. Wengi hukubali kwa kuogopa kwamba kukataa ni kukosa.

Na pesa taslimu anazozitaka wifi? Hazina asilimia 2, hilo ni kweli, na asionekane mjinga kwa kuzitaka. Lakini nazo zina ada, ila hazina stetimenti ya kuionyesha. Kama dola hizo zingenunuliwa kwa shilingi dirishani, tofauti ya bei ya kununua na kuuza ni gharama. Kule Dubai duka la kubadilisha nalo lina bei yake. Zikizidi dola 10,000 zinatakiwa kutangazwa forodhani mnapoondoka hapa. Na mwanamke anayetembea Deira na dola elfu nne mkobani, zikipotea hapati namba ya kupiga. Wapo wafanyabiashara wanaogawa, sehemu ndogo mkononi na kubwa kwenye kadi. Wengine hulipa kwa uhamisho wa benki kwenda akaunti ya duka wanaloliamini, ambao una ada yake nyingine. Mngeweza kuzipiga hesabu zote tatu kwenye karatasi moja, wewe na yeye, kwa mzigo uleule wa dirhamu 14,690.

Kabla hamjafika huko, uliza benki swali moja dogo: sarafu ya kadi yenyewe ni ipi? Kuna kadi zinazochota akaunti ya dola ilhali kwenye mtandao zimesajiliwa kwa shilingi. Kwa kadi ya namna hiyo, dirhamu inageuzwa shilingi kwanza ndipo iwe dola, mara mbili, hata ukibonyeza kitufe sahihi. Yako inaelekea si hivyo, kwa kuwa mashine ilikuletea dola. Lakini kama akienda wifi na kadi yake, ya benki nyingine, lisichukuliwe kuwa jambo moja.

Umeniambia wifi hajatamka neno mwizi. Nimelirudia hilo mara kadhaa. Ameuliza hela ziko wapi, na wewe ulikuwa hujui, basi kila mmoja akajaza kimya cha mwenzake kwa hofu yake. Mimi simjui, wewe unamjua. Je, ni mtu wa kukaa naye wawili, au ni wa kuzungumza mama mkwe akiwepo, kwa kuwa ameshasikia? Je, mume wako awepo, au kuwepo kwake kutamfanya achague upande? Hilo siwezi kukupimia kutoka hapa.

Lakini popote mtakapokaa, usianze na stetimenti. Stetimenti ina 4,180 na 83.60 tu, na hizo ameshaziona. Anza na ile karatasi nyembamba. Mpe simu yake aliyopigia hesabu ya kwanza, na umwombe agawanye yeye mwenyewe, 14,690 kwa 3.6725, halafu azidishe 14,690 kwa 0.284547.